Winchi ya Kukodi Itakaa Saiti Siku Ngapi?

Kodi ya winchi, mshahara wa foremani na malipo ya mlinzi wa usiku ni gharama zinazofanana kwa jambo moja: hakuna anayeweza kusema zitadumu siku ngapi mpaka kazi nyingine zote ziwe zimepangwa. Kupanga nguzo sita kunachukua siku ambazo fundi mzoefu anaweza kuzikadiria kwa kutazama mchoro. Kukodi winchi hakukadiriwi hivyo. Winchi inafika kabla ya kazi ya kwanza inayoihitaji na kuondoka baada ya ile ya mwisho. Siku zake ni umbali uliopo kati ya hizo mbili, uwe mrefu au mfupi.

Hapo ndipo ratiba nyingi za ujenzi zinapokosewa. Mpangaji anaweka mstari ulioandikwa “Kodi ya winchi, siku 60”, kama vile winchi nayo ni kazi ya fundi yenye muda wake. Mwezi unaofuata nondo zinachelewa, kazi zote zinasogea mbele, na ule mstari wa winchi unabaki na siku zake 60 zilezile. Ankara ya mwenye winchi ikifika, inadai siku ambazo hazimo popote kwenye ratiba.

Chanzo cha kosa hili kinaeleweka ukitazama jinsi ratiba za kisasa zinavyopigwa hesabu. Njia inayotumika hadi leo ilianza kubuniwa mwaka 1957 Marekani, katika kampuni ya kemikali ya DuPont ikishirikiana na watengeneza kompyuta wa Remington Rand. Msingi wake ni kwamba mpangaji anataja muda wa kila kazi na kuonyesha ipi inatangulia ipi, kisha hesabu inatoa tarehe. Yaani muda unaingia, tarehe zinatoka. Kwa winchi na foremani mambo yanakwenda kinyume: tarehe mbili zinaingia, za mwanzo na za mwisho, na muda ndio unaotoka. Anayeandika muda wa winchi kwa mkono anaingiza kwenye hesabu kitu ambacho hesabu yenyewe ingepaswa kumpa.

Wapangaji wa ratiba wameitafutia hali hii aina yake ya pekee ya kazi, na wakaipa jina la kile kitanda cha kamba kinachofungwa kati ya miti miwili. Miti ikiwa mbali kitanda kinanyooka, ikikaribiana kinalegea, lakini ncha zake hazibanduki. Katika makala haya itaitwa kazi bembea. Haina muda wake yenyewe. Ina ncha mbili tu: moja imefungwa kwenye mwanzo wa kazi fulani, nyingine kwenye mwisho wa kazi nyingine, ambayo inaweza kuwa mbali sana katika orodha.

Kuna kitu kingine kinachofanana nayo sana, na ndicho watu wengi wanachokitumia bila kujua tofauti. Hicho ni kazi jumla, yaani ule mstari mnene unaosimama juu ya kundi la kazi kama kichwa cha habari: “Muundo”, “Paa”, “Umaliziaji”. Kazi jumla nayo haiandikiwi muda. Inachukua mwanzo wa kazi ya kwanza iliyo chini yake na mwisho wa ile ya mwisho, na inanyooka zinapochelewa. Kwa hesabu tupu, ni ndugu wa kazi bembea. Tofauti yao ni kwamba kazi jumla inaona watoto wake tu, wale walioandikwa chini ya kichwa chake. Kazi bembea inafungwa popote.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Tuseme mkandarasi anajenga jengo la madarasa la ghorofa moja, msingi umeshakamilika, na anataka kukodi winchi ya kupandishia mizigo kwa shilingi 150,000 kwa siku. Mafundi wanafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Chini ya kichwa cha “Muundo” kuna nguzo za chini, siku 6. Slabu, pamoja na mbao, nondo na kumwaga zege, siku 12. Zege kukomaa, siku 14 za kalenda, kwa kuwa mhandisi amekataza kuta za juu kuanza kabla. Kisha kuta za juu zenyewe, siku 12. Chini ya “Paa” kuna kenchi, siku 6, na kuezeka bati, siku 4. Chini ya “Maji” kuna kupandisha matangi, siku 1. Kila kazi inasubiri iliyotangulia.

Nguzo zikianza Jumatatu ya wiki ya kwanza, zinakwisha Jumamosi ya wiki hiyo. Slabu inachukua wiki ya pili na ya tatu, na zege linamwagwa Jumamosi ya wiki ya tatu. Kukomaa kunaanza Jumapili, maana zege halina likizo, na kunakwisha Jumamosi ya wiki ya tano. Kuta zinachukua wiki ya sita na ya saba, kenchi wiki ya nane, mabati Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya tisa, na matangi yanapandishwa Ijumaa yake.

Winchi inahitajika tangu nguzo hadi matangi. Kazi jumla ipi itaibeba? “Muundo” inaishia kwenye kuta na kuacha nje kenchi, mabati na matangi. “Paa” inaanza winchi ikiwa tayari ina wiki saba saiti. Kinachobaki ni kichwa cha mradi mzima, lakini hicho kinaanzia kwenye kuchimba msingi na kuishia kwenye rangi na vitasa vya milango, kazi ambazo winchi haizijui. Kupanga upya orodha ili kazi zote za winchi zikae chini ya kichwa kimoja kunawezekana, ila kesho yake utakuta mapropu ya kukodi nayo yanadai kichwa chake, na jukwaa la mafundi rangi vilevile. Kazi moja haiwezi kukaa chini ya vichwa vitatu vilivyo sawa.

Kazi bembea inamaliza ubishi huo. Ncha ya kwanza inafungwa kwenye mwanzo wa nguzo, ya pili kwenye mwisho wa matangi. Kutoka Jumatatu ya wiki ya kwanza hadi Ijumaa ya wiki ya tisa ni siku 61 za kalenda, na kodi ni shilingi 9,150,000.

Kalenda hapa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo fedha zinapovuja kimyakimya. Mafundi hawafanyi kazi Jumapili, hivyo kwa kalenda yao muda uleule ni siku 53. Kazi bembea ikirithi kalenda ya mafundi, ratiba itaonyesha kodi ya shilingi 7,950,000. Mwenye winchi hajali kama mafundi wako kanisani au nyumbani. Mashine yake iko saiti kwako, haiko kwa mteja mwingine, na siku inahesabiwa. Jumapili 8 zilizosahauliwa ni shilingi 1,200,000. Kwa hiyo kazi bembea ya kukodi kwa siku inapewa kalenda ya siku saba, hata kama kazi zote inazozibeba zina kalenda ya siku sita. Mkataba ukisema Jumapili hazitozwi, basi kalenda inafuata mkataba.

Sasa nondo zichelewe. Slabu, badala ya siku 12, inachukua 16, na kumwaga zege kunasogea hadi Alhamisi ya wiki ya nne. Kukomaa kunaishia Alhamisi ya wiki ya sita, kuta zinaanza Ijumaa, na kwa kufuata mlolongo huohuo matangi yanapandishwa Jumatano ya wiki ya kumi. Ncha ya pili ya kazi bembea inavutwa pamoja nayo, na muda wa winchi unakuwa siku 66, kodi shilingi 9,900,000. Hakuna aliyegusa mstari wa winchi. Tena slabu imechelewa siku 4 za kazi, lakini winchi imeongezeka siku 5, kwa kuwa Jumapili moja zaidi imeingia katikati. Kitu kidogo kama hicho hakiwezi kuonekana kwa kukisia kichwani.

Kwa foremani hesabu ni ileile, ila ncha zake zinafungwa mbali zaidi: siku ya kukabidhiwa eneo na siku ya makabidhiano ya jengo. Kwake kazi jumla ya mradi mzima inaweza kutosha, kwa vile usimamizi wake unaanza na mradi na kwisha nao, na programu nyingi zinaruhusu kumwandika mtu kwenye kazi jumla. Hatari yake ni hesabu mara mbili. Mtu mwingine akija baadaye na kumwandika foremani huyohuyo kwenye kazi ndogo za chini, mshahara wake utajumlishwa juu na chini, na bajeti itavimba bila sababu inayoonekana. Ni salama zaidi kichwa kibaki kichwa cha kusomea jumla, na foremani apewe mstari wake wa bembea.

Namna ya kuitengeneza inategemea chombo kilichopo. Katika Primavera P6, programu inayotumika sana kwenye miradi mikubwa, ipo aina ya kazi iitwayo `Level of Effort`, na hiyo ndiyo bembea yenyewe. Mpangaji anaifunga mwanzo kwa mwanzo na kazi ya kwanza, mwisho kwa mwisho na kazi ya mwisho, na programu inakokotoa muda. Programu hiyo ina pia aina ya `WBS Summary`, inayojumlisha kazi zilizo chini ya kichwa kimoja kama ilivyoelezwa juu.

Microsoft Project haina aina maalumu ya kazi bembea. Watumiaji wake hunakili tarehe ya mwanzo ya kazi ya kwanza, wakaenda kwenye safu ya `Start` ya mstari wa winchi, wakachagua `Paste Special` kisha `Paste Link`. Halafu wanafanya hivyo kwa tarehe ya mwisho ya kazi ya mwisho kwenye safu ya `Finish`. Inafanya kazi, lakini ni kifungo dhaifu. Mtu akiandika tarehe kwa mkono juu ya seli hiyo, kifungo kinakatika na mstari unabaki umesimama pale pale huku kazi nyingine zikisogea. Seli yenye kifungo kizima ina alama ndogo ya pembetatu kwenye kona yake. Isipokuwepo, tarehe hiyo haina mwenyewe. Jaribio rahisi zaidi ni kuongeza siku kumi kwenye slabu na kutazama kama mstari wa winchi unarefuka, kisha kuzirudisha.

Mkandarasi mdogo asiye na programu yoyote kati ya hizo anaweza kupata jibu lilelile kwenye jedwali la Excel. Safu ya C ina tarehe za mwanzo, D za mwisho, na kwenye safu ya E anaweka herufi W mbele ya kila kazi inayohitaji winchi. Kisha, chini ya orodha:

```
C22: =MINIFS(C2:C20,E2:E20,"W")
D22: =MAXIFS(D2:D20,E2:E20,"W")
F22: =D22-C22+1
G22: =F22*150000
```

Ile +1 si pambo. Winchi iliyofika asubuhi na kuondoka jioni ya siku hiyohiyo imekaa siku moja, wakati kutoa tarehe kwa tarehe kunaleta sifuri.

Kwa kweli jedwali hili linaizidi ile bembea ya kufunga kwa `Paste Link` kwa jambo moja kubwa. Bembea iliyofungwa kwenye kazi mbili inaziamini kazi hizo mbili tu. Fundi bomba akiomba matangi yapandishwe mapema, kabla ya kuezeka, matangi hayatakuwa tena kazi ya mwisho. Ncha ya bembea bado imefungwa kwenye matangi, kwa hiyo ratiba itaonyesha winchi inaondoka huku mabati yangali chini. Jedwali halidanganyiki, kwa sababu linatafuta tarehe ya mwisho kati ya kazi zote zenye alama ya W.

Kwenye programu za ratiba dawa ya tatizo hilo ni kuacha kufunga ncha kwenye kazi za mafundi moja kwa moja. Zinaongezwa kazi mbili fupi ambazo kwa vyovyote zipo saiti: “Kuleta na kufunga winchi” na “Kufungua na kurudisha winchi”. Ya kwanza inatangulia kila kazi inayotumia winchi. Ya pili inasubiri zote ziishe. Bembea inafungwa kati ya hizo mbili. Mpangilio ukibadilika, kurudisha winchi kutaendelea kusubiri kazi yoyote iliyo ya mwisho, na siku za kufunga na kufungua, ambazo kwa kawaida zinatozwa, zitakuwa zimeingia kwenye hesabu.

Mpango huu nao una mtego wake. Programu hupanga kila kazi ianze mapema iwezekanavyo. “Kuleta winchi” isipofungwa kwenye kitu chochote kinachoitangulia, itarukia siku ya kwanza ya mradi, wakati msingi haujachimbwa, na bembea itanyooka kwa wiki nyingi za kodi ya bure. Dalili yake ni mstari wa winchi unaoanza sambamba na mradi wenyewe. Tiba ni kuifunga kwenye kazi inayotangulia nguzo, kwa mfano kukamilika kwa msingi, au kuiamuru ichelewe kadiri inavyowezekana. Lakini kufunga kwenye kazi halisi kunaaminika zaidi kuliko amri ya jumla.

Baada ya bembea kukaa sawa, inafichua jambo ambalo mstari wa “siku 60” ungelificha. Kati ya Jumapili inayofuata kumwaga zege na Jumatatu ya kuanza kuta kuna siku 15 ambazo winchi inalipiwa na haifanyi chochote. Kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 2,250,000. Swali linakuja lenyewe: irudishwe? Hapo bembea moja inakatwa kuwa mbili. Ya kwanza inaanzia kwenye nguzo na kuishia kwenye slabu, siku 20; ya pili inaanzia kwenye kuta na kuishia kwenye matangi, siku 26. Siku 46 zinagharimu shilingi 6,900,000. Kufungua, kusafirisha na kuifunga upya kukigharimu shilingi 1,400,000, jumla ni 8,300,000, na mkandarasi ameokoa 850,000. Uamuzi si wa hesabu peke yake, kwani mwenye winchi akishaipata kwake anaweza kuipeleka kwa mteja mwingine, na siku kuta zinapoanza isiwepo. Mkandarasi ambaye hana ahadi ya maandishi ya tarehe ya kurudishiwa afadhali alipie winchi iliyolala.

Kuna jambo moja ambalo bembea haiwezi kufanya, na wanaosoma taarifa za maendeleo wanapaswa kulijua. Maendeleo yake hupimwa kwa siku zilizopita. Siku ya 30 kati ya 61, mstari wa winchi utasema kazi imefika karibu nusu, na wa foremani utasema yake, hata kama hakuna tofali lililopandishwa ghorofani. Bembea haichelewi kamwe dhidi ya muda wake, kwa kuwa muda wake unakua pamoja na kuchelewa kwa wengine. Asilimia hizo zikichanganywa na za kazi halisi, wastani wa mradi mzima unapendeza kuliko ukweli, na kadiri gharama za usimamizi na kukodi zinavyokuwa fungu kubwa la bajeti ndivyo udanganyifu unavyozidi. Njia ya uaminifu ni kutoa maendeleo ya mradi kwa kazi za mafundi peke yake, na kuzitazama bembea kwa upande wa fedha: zilipangwa shilingi ngapi, sasa zinaelekea ngapi.

Kwa sababu hiyohiyo, hakuna kazi ya fundi inayopaswa kusubiri bembea. Winchi inaondoka kwa kuwa kazi zimekwisha. Hakuna kazi inayokwisha kwa kuwa winchi imeondoka. Mtu akiunganisha “Rangi ya nje” isubiri mwisho wa mstari wa winchi, atakuwa ameficha sababu halisi ya kusubiri, ambayo ni mabati au matangi, na siku rangi ikichelewa hakuna atakayejua amfuate nani.

Winchi ikishafika saiti, ncha ya mwanzo inaacha kuwa makadirio. Inaandikwa tarehe iliyo kwenye hati ya kupokelea mashine, hata kama nguzo zilianza siku mbili baadaye, maana kodi inahesabiwa kwa hati hiyo. Ncha ya pili inabaki huru, na kila Jumamosi, baada ya kuandika kazi zilizofanyika, mkandarasi anasoma mstari wa winchi unaishia lini. Mkataba ukiwa wa kulipa kwa wiki nzima, siku 61 ni wiki 9 na siku 66 ni wiki 10, kwa hiyo inafaa kujua mapema kama siku tatu za mwisho zinaweza kuokolewa. Siku ya kurudisha mashine, hati ya pili inatiwa saini na kuandikwa tarehe, na ankara inalinganishwa na hati hizo mbili kabla ya kulipwa.